Jinsi ya kuhesabu dawa za mzee nyumbani na kujua siku ya kufuata nyingine

Hesabu hii ifanyike usiku, mzee akishameza dawa za mwisho za siku. Ukihesabu mchana hutajua kama kidonge cha jioni kimo kwenye hesabu au hakimo.

Mwaga kila kitu mezani: boksi, bahasha, hadi vile vya chini ya mto. Vidonge vibaki kwenye pakiti zake. Soma jina la dawa yenyewe, lile la maandishi madogo, usiishie kwenye jina kubwa la kampuni. Hapa tuna boksi mbili za rangi tofauti, lakini zote zimeandikwa amlodipini miligramu 5. Ni dawa moja ya presha. Bibi akizichukulia kuwa dawa mbili, atameza dozi maradufu, presha ishuke na aanguke akiinuka kitandani. Zifunge pamoja kwa mpira.

Sasa chukua daftari, uchore safu sita: dawa, nguvu, dozi, zilizobaki, siku ya mwisho, siku ya kufuata. Dozi inakili kutoka kwenye bahasha. 1 x 2 maana yake kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Wengi huisoma kinyume, wakampa mzee viwili kwa mpigo, kwa hiyo andika kwa maneno: "kimoja asubuhi, kimoja jioni, na chakula".

Tufanye ya metformini miligramu 500, dawa ya kisukari. Leo usiku ni tarehe 3 Juni, na vimebaki vidonge 46. Kwa siku anameza 2, kwa hiyo vinatosha siku 23. Anza kuhesabu kesho, tarehe 4: siku ya mwisho ni 26 Juni. Rudi nyuma siku 7, ufuate dawa tarehe 19. Wiki hiyo ni akiba, maana duka linaweza kuishiwa, au cheti kikahitaji kuandikwa upya kliniki.

Amlodipini zipo 18, kimoja kwa siku, zinaishia 21 Juni. Kuzifuata ni tarehe 14. Ukiwa na safari moja tu, nenda siku hiyo ya mapema uchukue zote.

Ukikata pakiti, acha upande wenye EXP utumike mwisho, la sivyo hutajua vilivyobaki vinaisha muda lini.

Baada ya siku saba hesabu tena. Metformini zinatakiwa kuwa 32. Ukikuta 36, dozi nne zimerukwa. Usimpe za kufidia. Muulize kwa upole, kwani mara nyingi mzee huacha metformini kwa sababu inamvuruga tumbo, na hasemi. Ukikuta 28, amezidisha: wasiliana na kliniki siku hiyohiyo, uende na daftari.