Kosa likitokea litakaa wapi? Kontroli yuniti ya waya na ya maikrokodi

Haya jamani tuanze. Najua wengi wenu mmeshakariri ule mstari wa mtihani, kwamba kontroli yuniti, ile sehemu ya prosesa inayotoa signali za kuendesha kila hatua ya amri, ikiwa ya waya ina kasi na ikiwa ya maikrokodi inabadilika kirahisi. Ni kweli, ila mstari huo hauwaambii kitu mtakachokutana nacho mkianza kuchora saketi yenyewe. Mimi nasema kila mwaka na leo nasema tena: kabla hujauliza ipi ina kasi, uliza kosa likitokea litakaa wapi na litaharibu nini.

Tuchukue mashine ndogo kabisa, ina rejista A, ina amri tatu tu LOAD, ADD na STORE. Hatua zake: T0 anwani inatoka PC kwenda MAR, T1 memori inasomwa na PC inaongezwa moja, T2 amri inaingia IR, T3 anwani ya data inaenda MAR. Kuanzia hapo kila amri na njia yake: LOAD na ADD zinasoma memori T4 na kumaliza T5, STORE inapeleka A kwenye MDR T4 na kuandika T5. Kwa njia ya waya, kila signali inakuwa na mlinganyo wake, na mlinganyo huo ndio mageti:

```
SOMA   = T1 + T4·(LOAD + ADD)
ANDIKA = T5·STORE
MWISHO = T5
```

Angalieni huo wa tatu. MWISHO ndiyo signali inayorudisha kaunta ya hatua kwenye T0, na kwa sababu amri zote tatu zinaisha T5, mbunifu ameona hakuna haja ya kutaja amri yoyote, kaokoa mageti. Yuko sahihi kabisa, leo.

Sasa kesho bosi anataka amri ya nne, XCHG, inayobadilishana A na memori. T3 anwani, T4 soma, T5 MDR iende TMP, yaani rejista ya kushikilia kwa muda, T6 A iende MDR, T7 andika, T8 TMP iende A. Kaunta yetu ina biti 3, yaani inafika T7 basi, T8 haipo. Najua kuna mtu atasema mwalimu unganisha T7 na T8, maana wakati memori inaandikwa basi la ndani liko wazi. Vizuri, unganisha, umebana hatua zikawa nane, ila umepata nafuu kwa amri hii tu, ikija ndefu zaidi utaongeza biti ya nne na dekoda nayo itakua.

Basi mbunifu anarekebisha SOMA, inakuwa `T1 + T4·(LOAD + ADD + XCHG)`, anarekebisha ANDIKA, anarekebisha signali za TMP, A na MDR, na anasahau MWISHO. Mnaona kinachotokea? XCHG inafika T5, thamani ya memori inaingia TMP, halafu kaunta inarudi sifuri. A haijabadilika, memori haijabadilika, mashine haijaganda, programu inaendelea kana kwamba amri ile haikuwepo. Utatafuta kosa kwenye ANDIKA siku nzima wakati ANDIKA haina tatizo lolote. Dalili ya kuangalia ni kaunta yenyewe, weka kipimo pale uone kama T6 inawahi kuwaka.

Na huo ndio upande wenye huruma. Upande mbaya ni pale unaporekebisha MWISHO, ukakosea alama moja, na STORE iliyokuwa inafanya kazi tangu mwanzo ikaacha kufanya kazi. Kwenye waya amri zote zinakaa ndani ya mlinganyo mmoja, kwa hiyo ukiongeza moja unalazimika kupima zote upya.

Kwenye maikrokodi amri ile ile ni maneno matano kwenye ROM ya udhibiti. Kila neno lina biti za signali pamoja na anwani ya neno linalofuata, opkodi inakupeleka neno la kwanza, neno la mwisho linakurudisha mwanzo wa kusoma amri. Ukikosea humo, XCHG inaharibika, lakini maneno ya LOAD, ADD na STORE hujayagusa. Hicho ndicho Maurice Wilkes alichokuwa anakitafuta alipoleta wazo hili kule Manchester mwaka 1951, udhibiti uwe na mpangilio wa jedwali badala ya msitu wa mageti. IBM nao walipotoa System/360 mwaka 1964, mashine nyingi za familia ile zilitumia maikrokodi. Model 30 ilihifadhi yake kwenye kadi zinazotobolewa, ukitaka kubadilisha unatoboa kadi nyingine. Model 75, ya juu kwa kasi, wakaifanya ya waya.

Kwa nini ya juu iwe ya waya? Tuje kwenye kasi, nitakwenda haraka. Tuseme kazi ya hatua moja inachukua nanosekunde 40. Mageti ya udhibiti yanaongeza 10, jumla 50. Kusoma ROM kunaongeza 40, jumla 80. Mtu atasema weka rejista, soma neno linalofuata wakati la sasa linatekelezwa. Sawa, unarudi karibu na 40, mpaka ukutane na hatua inayotegemea jibu la hesabu, mfano kama ni sifuri au siyo. Jibu halijatoka na neno linalofuata ulishaanza kulisoma, hapo utasubiri au utalitupa.

Zamani gharama hii ilijificha kwa sababu memori kuu ilikuwa taratibu kuliko ROM ya udhibiti, prosesa ilikuwa inasubiri tu. Memori za semikondakta na kashe zilipokuja, kisingizio hicho kikaisha, na watu wa RISC wakarudi kwenye waya na amri fupi zenye umbo moja.

Kuna anayeniambia siku hizi tunaandika Verilog, milinganyo inatengenezwa na programu, kwa hiyo hoja yangu imepitwa. Kuandika kumekuwa rahisi, ndiyo. Kupima hakujawa rahisi, na chipu ikishatoka kiwandani haiandikwi upya. Mwaka 1994 Pentium ilikutwa na kosa la kugawanya namba, seli chache za jedwali zilikosa thamani, na Intel wakatenga dola milioni 475 kubadilisha chipu. Pentium Pro ya 1995 ikaja na uwezo wa kupokea maikrokodi mpya baada ya kuuzwa. Prosesa za sasa za x86 zinachanganya, amri nyepesi zinapita kwenye waya, nzito zinakwenda ROM, na pembeni kuna kipande kidogo cha RAM cha viraka. Ni kidogo kweli, na umeme ukikatika kiraka kinafutika, ndiyo maana kinapakiwa kila mashine inapowashwa. Kwenye Linux ya x86 andika hii uone toleo lako:

```
grep -m1 microcode /proc/cpuinfo
```

Nilitaka kusema na ule ubishi wa maneno mapana na maneno membamba, ila muda umekwisha, kwa kifupi mapana yanakula ROM na membamba yanahitaji dekoda inayokula muda. Mwenye swali kuhusu MWISHO aanze, maana najua hapo ndipo mtakapokwama kwenye kazi ya wiki hii.