Kumi kipeo ngapi? Swali la waya wa shaba kwenye picha ya simu

BARAKA: Karibuni. Leo tunafanya kazi na karatasi ya mazoezi iliyopigwa picha kwa simu. Picha imepigwa kwa upande, kona moja ina kivuli, na kuna mkunjo unaopita katikati ya swali la kwanza. Dada Zuhura, lisome kama linavyoonekana.

ZUHURA: Linasema: "Waya wa shaba una kipenyo cha 0.80 mm na urefu wa 12.60 m. Densiti ya shaba ni 8.96 × 10..." halafu pale juu kuna kidoa kidogo, halafu "kg/m", na juu ya hiyo m kuna kidoa kingine. "Tafuta masi ya waya kwa kilogramu. Andika jibu kwa umbo sanifu, kwa tarakimu za maana zinazostahili."

BARAKA: Kwa hiyo vipeo viwili vimefichwa.

ZUHURA: Viwili, na ndivyo vinavyobeba swali zima. Cha kwenye kizio ni rahisi: densiti ni masi kwa ujazo, kwa hiyo ni kg/m³, hakuna namna nyingine. Cha kwenye kumi ndicho kinachohitaji akili. Ukikuza picha unaona kitu ambacho kinaweza kuwa 3, kinaweza kuwa 8, kinaweza hata kuwa 2.

BARAKA: Na wapo wanaoisoma 103, mia moja na tatu, kwa sababu kwenye picha kipeo kimeshuka kikakaa mstari mmoja na 10.

ZUHURA: Hebu tuyapime yote kwa maji. Densiti ya maji ni takriban 1.00 × 10³ kg/m³. Ukisoma 8.96 × 103 unapata kama 923 kg/m³, yaani shaba inaelea majini. Ukisoma kipeo 2 unapata 896, nayo inaelea. Ukisoma kipeo 8, mita moja ya ujazo ya shaba ina masi ya karibu kilo bilioni moja. Kinachobaki ni kipeo 3: shaba ni nzito karibu mara tisa kuliko maji, na ndivyo ilivyo.

BARAKA: Hapo hujabahatisha, umelisoma kwa ushahidi. Ila kama picha inaweza kupigwa upya, ipigwe. Karatasi ilale sawa mezani, simu iwe juu yake moja kwa moja, mwanga utoke upande ambao mkono hauzibi.

ZUHURA: Na kabla ya kugusa kikokotoo, nakili data zote kwenye karatasi yako kwa mkono. Usikokotoe huku unachungulia picha. Kila namba iandikwe na kizio chake, na kando yake uweke idadi ya tarakimu za maana.

BARAKA: Tuzihesabu basi. 0.80 mm?

ZUHURA: Mbili. Sifuri ya mwanzo inashika nafasi tu, haihesabiwi. Sifuri ya mwisho, iliyo baada ya nukta ya desimali, inahesabiwa, maana aliyeiandika anasema amepima mpaka hapo. 12.60 m ni nne, kwa sababu hiyo hiyo. 8.96 × 10³ ni tatu. Kwenye umbo sanifu unahesabu tarakimu za namba iliyo mbele, kumi na kipeo chake havihusiki.

BARAKA: Kwenye picha ile sifuri ya 12.60 iko karibu kabisa na mkunjo. Mtu akinakili 12.6 amepoteza tarakimu moja bila kujua.

ZUHURA: Hapa haitabadilisha jibu, kwa kuwa kipenyo ndicho kinachobana. Lakini swali jingine lingeweza kuumia.

BARAKA: Sasa vizio. Mimi ningebadilisha kila kitu kuwa mita mwanzoni kabisa, kabla ya kupandisha chochote kipeo cha pili.

ZUHURA: Nakubali, na sababu yake nitaionyesha. Kipenyo 0.80 mm ni 8.0 × 10⁻⁴ m. Nusu kipenyo ni 4.0 × 10⁻⁴ m. Ile 2 tuliyogawia ni namba kamili, haikupimwa na mtu, kwa hiyo haipunguzi tarakimu za maana. Eneo la mkato ni π mara nusu kipenyo kipeo cha pili: 4.0 × 10⁻⁴ kipeo cha pili ni 1.6 × 10⁻⁷, ukizidisha na π unapata 5.02655 × 10⁻⁷ m².

BARAKA: Ngoja, hapo kwenye 1.6 × 10⁻⁷ wasikilizaji wengine wana 10⁻⁸.

ZUHURA: Nne mara nne ni 16, vipeo vinajumlishwa kuwa hasi 8, kwa hiyo ni 16 × 10⁻⁸. Lakini umbo sanifu linataka namba ya mbele iwe kuanzia 1 na isifike 10. Ukiishusha 16 kuwa 1.6, kipeo kinapanda kwa moja: hasi 8 inakuwa hasi 7. Anayesahau kupandisha kipeo jibu lake linakuwa dogo mara kumi.

BARAKA: Na aliyebakia na milimita?

ZUHURA: Huyo ana eneo la 0.502655 mm². Akitaka mita za mraba, anakumbuka milimita moja ni 10⁻³ m, anazidisha kwa 10⁻³ na kuendelea. Kosa! Milimita ya mraba ina pande mbili, kwa hiyo ni 10⁻³ mara 10⁻³, yaani 10⁻⁶. Mwisho wa safari atapata waya wa kilo 57 badala ya gramu 57. Ndiyo maana tunabadilisha vizio mapema, wakati bado ni urefu mtupu.

BARAKA: Waya mwembamba wa mita kumi na mbili na ushee, kilo 57. Hapo kalamu ingepaswa kusimama yenyewe.

ZUHURA: Sasa ujazo. 5.02655 × 10⁻⁷ mara 12.60 ni 6.33345 × 10⁻⁶ m³. Zidisha na densiti, 8.96 × 10³, unapata 5.67477 × 10⁻² kg. Ni hapa tu, mwishoni, ndipo tunapokadiria. Kwenye kuzidisha na kugawa, jibu linafuata kipimo chenye tarakimu chache zaidi za maana, nacho ni kipenyo chenye mbili. Jibu ni 5.7 × 10⁻² kg.

BARAKA: Kuna watu wana 5.6 × 10⁻² na watakuja kulalamika.

ZUHURA: Najua walipopita. Walikadiria kila hatua. Eneo wakaliandika 5.0 × 10⁻⁷, ujazo ukawa 6.3 × 10⁻⁶, masi ikatoka 5.6448 × 10⁻², wakaandika 5.6. Kwenye eneo walitupa kipande kidogo, kwenye masi wakatupa kingine, na vyote viwili vilikuwa vya upande mmoja. Pia yupo aliyetumia π kama 3.1 akidhani inatakiwa nayo iwe na tarakimu mbili. Huyo anapata 5.5996 × 10⁻², naye anaishia 5.6. π haikupimwa; bonyeza kitufe chake kwenye kikokotoo. Hata 3.14 au 22/7 inatosha hapa.

BARAKA: Tukiwa kwenye kikokotoo: ukitumia kitufe cha `EXP` au `×10ˣ`, ile kumi imeshawekwa ndani yake. Andika 8.96, kitufe, 3. Ukiandika 8.96 × 10 kisha kitufe kisha 3, umeongeza kumi moja ya bure.

ZUHURA: Na kikokotoo hakijui tarakimu za maana. Kitakupa 0.05674772 kwa uso mkavu.

BARAKA: Sasa nikubane kidogo. Kwa nini nisiandike 5.67 × 10⁻²? Tarakimu ya ziada inamdhuru nani?

ZUHURA: Tuichunguze 0.80 yenyewe. Ikiwa imekadiriwa kwa nafasi mbili za desimali, kipenyo halisi kinaweza kuwa popote kati ya 0.795 na 0.805 mm. Rudia hesabu kwa 0.795, masi inakuwa karibu gramu 56.0. Kwa 0.805, karibu gramu 57.5. Kipenyo kinapanda kipeo cha pili, kwa hiyo shaka yake inakaribia kuwa maradufu kwenye masi. Sasa uniambie, ile 7 ya mwisho katika gramu 56.7 umeitoa wapi? Hata ile 6 iliyo kabla yake haina uhakika.

BARAKA: Nimeelewa. Twende sehemu ya (b): "Waya umezungushiwa kwenye kibao chenye masi ya 1.250 × 10⁻¹ kg. Tafuta masi ya jumla." Nne upande huu, mbili upande ule, kwa hiyo jibu ni mbili: 1.8 × 10⁻¹.

ZUHURA: Hapana, kaka Baraka, na huo ni mtego uliowekwa makusudi. Kanuni ya kuhesabu tarakimu za maana ni ya kuzidisha na kugawa. Kwenye kujumlisha na kutoa tunaangalia nafasi, yaani tarakimu ya mwisho ya kila namba imekaa wapi.

BARAKA: Lakini vipeo havifanani.

ZUHURA: Ndiyo maana kwanza unavifananisha. 1.250 × 10⁻¹ ni sawa na 12.50 × 10⁻². Waya, kwa namba ambayo hatujaikadiria, ni 5.67477 × 10⁻², lakini tunajua inaaminika mpaka nafasi ya kwanza ya desimali tu, pale kwenye 5.7. Jumla ni 18.17477 × 10⁻². Tunaikadiria kwenye nafasi hiyo hiyo: 18.2 × 10⁻², yaani 1.82 × 10⁻¹ kg.

BARAKA: Tarakimu tatu, wakati waya ulikuwa na mbili!

ZUHURA: Na ni halali kabisa. Shaka ya waya iko kwenye gramu moja hivi, na ukiujumlisha na kibao kizito shaka inabaki ya gramu moja hivi, ila sasa iko ndani ya namba kubwa zaidi. Ukiandika 1.8 × 10⁻¹ unamwambia msomaji shaka yako ni ya gramu kumi, jambo ambalo si kweli.

BARAKA: Kwenye kutoa?

ZUHURA: Kwenye kutoa inageuka. Kama ungekuwa na 1.250 × 10⁻¹ kg ukatoa 1.23 × 10⁻¹ kg, tarakimu za mbele zinafutana. Kinachobaki ni 0.020 × 10⁻¹, lakini ile sifuri ya mwisho iko kwenye nafasi ambayo 1.23 haikuipima. Jibu ni 2 × 10⁻³ kg: uliingia na nne na tatu, umetoka na moja.