Ankara Imeandikwa CIF Dar es Salaam: Gharama ya Nani, Hasara ya Nani

Shikamooni wazee wangu, na habari zenu ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie zile herufi tatu zinazokaa pembeni ya bei kwenye ankara ya muuzaji: EXW, FOB, CIF. Nitachukua mzigo mmoja tu, tuutoe kiwandani China tuufikishe dukani Gerezani, hapa Dar es Salaam, na kila unapofika tuulize mambo mawili. Gharama ya hapa analipa nani? Na mzigo ukiharibika hapa, hasara inamwangukia nani? Wengi wetu tunadhani jibu la kwanza ndilo jibu la pili. Kwenye EXW na FOB majibu hayo yanakwenda pamoja. Kwenye CIF yanaachana, na hapo ndipo nimeona fedha za watu zikipotea.

Kwanza mjue herufi hizi zinatoka wapi. Zinatoka kwenye kanuni ziitwazo Incoterms, za Chemba ya Kimataifa ya Biashara yenye makao yake Paris. Zilianza kutolewa mwaka 1936, na toleo la sasa ni la 2020, lenye masharti 11. Kanuni hizi si sheria ya nchi. Zina nguvu kwa sababu ninyi wawili, muuzaji na mnunuzi, mmeziandika kwenye makubaliano yenu. Kwa hiyo ankara iliyokamilika ina herufi, ina jina la mahali, na inataja toleo: "FOB Nansha, Incoterms 2020". Hilo jina la mahali lina uzito kuliko watu wanavyodhani. FOB inafuatwa na bandari ya kupakia, CIF inafuatwa na bandari ya kushushia. Aliyeagiza gari Japani ameshaliona hilo: FOB Yokohama, CIF Dar es Salaam. Kiwanda cha China kikikuletea profoma iliyoandikwa "FOB Dar es Salaam", usilipe hata senti mpaka kikueleze nauli ya meli imo au haimo, kwa sababu maandishi hayo hayasemi lolote linaloeleweka.

Sasa mzigo wetu. Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi anataka kontena moja la futi 20 la vitasa na bawaba kutoka Zhongshan, mkoa wa Guangdong. Vitasa vingi mnavyouza vinatoka huko. Amepata bei tatu za mzigo uleule, ubora uleule. Tarakimu ni za mfano, maana nauli ya meli inapanda na kushuka kila wiki. Kiwanda cha kwanza kinasema EXW Zhongshan dola 18,000. Cha pili, FOB Nansha dola 18,600. Cha tatu, CIF Dar es Salaam dola 21,100. Akiangalia tarakimu tu, atakimbilia cha kwanza.

Tuanze na hicho. EXW maana yake muuzaji anakuwekea mzigo pale kiwandani kwake, basi. Kuupakia kwenye lori si wajibu wake. Lori la kwenda bandarini ni lako, na forodha ya kutokea China ni yako pia. Hilo la mwisho ndilo gumu. Wewe mgeni huna kampuni iliyosajiliwa China ya kutamkia mzigo unaotoka. Wakala atakutafutia kampuni nyingine itakayotamka mzigo kwa jina lake, na nyaraka zitatoka zikiwa na jina la mtu usiyemjua. Siku kukiwa na ubishi juu ya idadi au thamani, ankara yako inasema hivi na tamko la kutokea China linasema vingine. Chemba yenyewe inaeleza kuwa EXW inafaa zaidi biashara ya ndani ya nchi. Kwa kontena linalovuka bahari, mimi siishauri. Kwa hesabu pia haina nafuu: lori dola 300, forodha na gharama za bandari kule dola 450. Zile 18,000 zimekuwa 18,750 hata kabla ya meli.

Kiwanda cha pili kimesema FOB Nansha 18,600. Hapo lori lake, forodha ya kutoka yake, gharama za bandari ya Nansha zake, na hasara yoyote ni yake mpaka mzigo uwe ndani ya meli. Ukishakuwa ndani ya meli, kila kitu ni chako: nauli, bima, na bahari yote. Tuseme nauli ni dola 2,600 na bima dola 70. Mzigo wa EXW unafika Dar kwa 21,420, wa FOB kwa 21,270. Ule uliokuwa na tarakimu ndogo kuliko yote sasa ndio ghali kuliko yote.

Na wa CIF ni 21,100. Umepungua dola 170 chini ya FOB. Hapa naomba tukae kidogo.

Kwenye CIF muuzaji analipa nauli mpaka Dar es Salaam na analipa bima. Lakini hasara inahamia kwako palepale inapohamia kwenye FOB: mzigo ukiwa ndani ya meli kule Nansha. Naomba mlishike hili. Yeye amelipia safari, lakini mzigo unaosafiri unasafiri kwa hatari yako. Kontena likiingia maji katikati ya bahari, humdai kiwanda chochote. Yeye amemaliza kazi yake. Unaidai bima. Na hiyo bima ameichagua nani? Ameichagua yeye, kwa bei nafuu anayoruhusiwa.

Kanuni zinamtaka muuzaji wa CIF akate bima ya asilimia 110 ya thamani ya mkataba, lakini kwa masharti ya chini kabisa. Bima za shehena zina madaraja matatu yanayotajwa kwa herufi A, B na C, na CIF inamlazimisha C tu. C inalipa meli ikizama, ikikwama mwambani, ikigongana, ikiungua. Hailipi wizi. Hailipi maji ya bahari yaliyopenya kontenani kama meli yenyewe haikupatwa na ajali. Sasa fikiria vitasa vyako: kontena lina tundu la kutu kwenye paa, maji yameingia, maboksi 200 yamelowa na chuma kimeanza kutu. Meli haikuzama wala kuungua. Kwa daraja C, hupati kitu. Daraja A lingelipa, maana linabeba kila hasara ya ghafla isipokuwa zile zilizotajwa kwamba halizibebi, kama ufungaji mbovu au kuchelewa kwa meli. Tofauti ya bei kati ya A na C kwa mzigo kama huu si kubwa. Kwa hiyo ukinunua CIF, andika kwenye oda kwamba bima iwe daraja A, na hati ya bima iletwe pamoja na BL, ile hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli. Mjue pia kwamba TIRA, mamlaka ya bima nchini, inasisitiza mizigo inayoingia nchini ikatiwe bima na kampuni za hapa. Hiyo ni sababu nyingine ya kununua FOB, au CFR, ambayo muuzaji analipa nauli na bima inabaki kwako. Ukiwa na bima ya hapa, siku ya hasara unakwenda ofisini mjini kudai, huandikiani barua na kampuni ya mbali.

Na kontena likifunguliwa ukaona kasoro, usishushe na kusaini kimya. Andika kasoro kwenye hati ya kupokea, piga picha za nje na ndani, mwite mkaguzi wa bima. Kama uharibifu haukuonekana kwa nje, notisi kwa kampuni ya meli inatakiwa ndani ya siku 3. Ukichelewa, inahesabika kwamba mzigo ulifika salama, na wewe ndiye utakayebeba kazi ya kuthibitisha vinginevyo.

Sasa dola 170 zile. CIF Dar es Salaam inalipia mpaka bandarini, na watu husikia "Dar es Salaam" wakadhani ni mpaka dukani. Gharama za kontena kuhudumiwa gatini, ada ya kampuni ya meli ya kutoa kibali cha kuchukua kontena, tozo za bandari, storeji ukichelewa, wakala wa forodha, lori la kuja Gerezani: hizo kwa kawaida ni zako. Na aliyechagua meli na wakala wa usafirishaji ni muuzaji. Kwa wale wanaochangia kontena hali ni mbaya zaidi. Kule China wakala anampa muuzaji nauli ya bei ya kutupa, wakati mwingine karibu bure, kisha anazirudisha fedha zake hapa Dar kwa ada ambazo hukuziona kwenye ankara yoyote. Huwezi kubishana, maana mzigo ameushika yeye. Dalili yake ni hii: nauli ndani ya CIF ikiwa ndogo mno kuliko wanayotaja wasafirishaji wengine, tofauti hiyo unaidaiwa mahali fulani. Omba kwa maandishi, kabla ya kulipa, orodha ya ada zote za Dar na jina la atakayezidai. Mfanyabiashara wetu akifanya hivyo akaambiwa ada za wakala wa muuzaji zinazidi za wakala wake kwa dola 400, basi FOB ya 18,600 ndiyo nafuu yake, na meli atakuwa ameichagua mwenyewe.

Dada pale mbele ameuliza: nikinunua EXW si nitalipa ushuru kidogo, kwa kuwa ankara ina tarakimu ndogo? Hapana, dada yangu. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inataka thamani ya mzigo wa meli iwe na nauli na bima mpaka bandari ya kuingilia. TRA wataziongeza. Kwa mzigo wa FOB wetu watafika 21,270. Kama bidhaa iko kwenye kiwango cha asilimia 25, ushuru ni dola 5,317 na senti 50. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla ya thamani na ushuru, na zipo tozo nyingine ndogo. Ukiwa huna ankara ya nauli, unamwachia ofisa akukadirie, na makadirio si lazima yakupendeze. Ukinunua CIF, mwombe muuzaji atenganishe kwenye ankara mistari mitatu: thamani ya FOB, nauli, bima. Tamko la forodha linazitaka moja moja.

Kaka ameuliza kuhusu ndege. FOB na CIF ni za bahari na maji ya ndani tu; ankara ya mzigo wa ndege iandikwe FCA, ambayo muuzaji anaukabidhi mzigo kwa msafirishaji wako, au CIP, ambayo muuzaji analipa nauli na bima, pamoja na jina la mahali. Na kwa sheria hiyohiyo ya forodha, nauli ya ndege haiongezwi kwenye thamani ya kutozea ushuru. Kwa hiyo hakikisha muuzaji ameiandika nauli hiyo mstari wake peke yake. Akiichanganya ndani ya bei ya bidhaa, utaitozea ushuru nauli ambayo sheria ilishakuondolea.