Si lazima namba iwe maradufu

Leo nitarudia lile lile, na wanaonijua wananivumilia. Nani aliwaambia kwamba hCG, ile homoni ya mimba tunayoipima kwenye damu, isipokuwa maradufu kwa siku mbili basi mimba imekufa?

Mama mmoja alinijia Jumatano jioni na karatasi mbili mkononi, kazikunjakunja hadi zimechanika. Jumatatu asubuhi damu ilisoma 400, Jumatano saa ile ile ikasoma 620. Pale alikopima akaambiwa, "Haikufika 800, jiandae kusafishwa." Hivi hivi, mlangoni! Nikamwambia kaa, tupige hesabu. Imeongezeka 220, yaani asilimia 55. Namba ya kwanza ikiwa chini ya 1,500, mimba nzima inaweza kupanda asilimia 49 tu kwa saa 48. Na ikianzia juu zaidi, mwendo wenyewe hupungua. Ukishapita 3,000, hata asilimia 33 inatosha. Sasa hiyo 800 waliitoa wapi?

Sikumwambia mimba ni salama, msinielewe vibaya. Nilimwambia Ijumaa arudi, maabara ile ile, kwa sababu mashine mbili zinaweza kukupa majibu mawili kwa damu moja. Ijumaa ilisoma 990. Tukasubiri, na namba ilipopita 3,500 tukapiga ultrasaundi: mfuko wa mimba huo, ndani ya kizazi. Angesafishwa Jumatano, je?

Najua kuna anayewaza, "Dokta, mimi napima mkojo kila asubuhi, naangalia kamstari kama kamekolea." Mama, hifadhi hela zako. Kile kijiti kinajibu ndiyo au hapana, hakihesabu. Mkojo wa asubuhi ni mzito, wa mchana umejaa maji, na kamstari kanafuata huo.

Haya, tuseme ile 620 ingekuwa 440. Hapo nami ningekunja uso. Namba inayojikokota, haipandi vizuri wala haishuki, inatufanya tuulize swali moja: mimba iko wapi? Mimba inayoharibika yenyewe kwa kawaida hushuka haraka, robo au theluthi kwa siku mbili. Iliyotunga kwenye mrija hupenda kujikokota. Hupenda, nasema, kwa sababu nyingine hupanda vizuri kabisa na kumdanganya daktari. Kwa hiyo namba ikipita 3,500 na kizazi kikaonekana kitupu, mwenye namba nzuri naye hatumruhusu kwenda kulala nyumbani kwa raha.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Projesteroni na kundi la damu tutayaacha, mniulize pale nje. Ila hili silikatizi: ukisubiri kipimo cha pili, tumbo likakukata upande mmoja, au bega likauma bila kuligonga, au ukasikia kizunguzungu, usingoje saa 48 zitimie. Bega linauma kwa sababu damu iliyomwagika tumboni inachokoza kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Nenda usiku huo huo, na karatasi zako zote.