Taifodi: mbona inaanza kwa kufunga choo halafu inageuka kuharisha?

Haya, tukae tuanze. Swali nililoombwa kujibu ni hili, taifodi ni ugonjwa wa tumbo, sasa mbona mgonjwa haharishi tangu siku ya kwanza kama kipindupindu?

Jibu ni kwamba mdudu wa taifodi hana shida na utumbo wako mwanzoni, anapita tu. Ukimmeza kwenye maji au chakula, akiponea asidi ya tumboni, anafika mwisho wa utumbo mwembamba ambako kuna mabaka ya tezi za kinga, anapenya hapo. Seli nyeupe zinammeza ili zimuue, yeye anabaki hai humo humo ndani na kuzaliana, zinambeba mpaka kwenye ini, bandama na uboho. Wiki moja au mbili hivi mtu anatembea tu hajui kitu.

Sasa chukua kijana wa miaka 25. Siku bakteria wanapomwagika kwenye damu kwa wingi ndio homa inaanza, na kila jioni inapanda kidogo kuliko jana. Seli za kinga zinatoa kemikali zinazofika kwenye ubongo na kuzima njaa, ndio maana anasukuma sahani pembeni, wala sio madeko. Anakula kidogo, homa inamkausha maji, utumbo unakuwa mzito, na yale mabaka yamevimba. Choo kitatoka wapi? Siku ya nne hajaenda chooni, na kwa sababu ya ile homa anapewa dawa ya malaria. Wiki hii ukitaka kumkamata mdudu otesha damu maabara uone kama bakteria wataota, maana kwenye choo mara nyingi humpati, na hata damu yenyewe inawakosa wagonjwa wengi tu.

Wiki ya pili kuelekea ya tatu mambo yanageuka, kwa sababu kutoka kwenye ini bakteria wameingia kwenye kifuko cha nyongo, na nyongo inamwagika wapi? Utumboni. Wanarudi kwa mlango wa nyuma, wengi mno, wanafika kwenye mabaka yale yale ambayo safari hii kinga imeshawajua inawapiga kwa nguvu zote, basi tishu inakufa, inabanduka, inaacha vidonda. Utumbo wenye vidonda haufyonzi maji vizuri, kijana anaharisha choo chepesi cha kijanikijani. Hapo choo nacho ukikiotesha unaweza kumpata mdudu.

Ila sio wote wanafuata ratiba hii, watoto wadogo na wenye VVU mara nyingi wanaharisha mapema, kwa hiyo usimwambie mama mtoto wake hana taifodi eti kwa sababu hajafunga choo kwanza.

Na kidonda kikichimba kinafika kwenye mshipa, choo kinatoka na damu au cheusi kama lami, kikitoboa kabisa tumbo linakaza ghafla na maumivu makali, huyo ni wa upasuaji sasa hivi, hata kama jana homa ilikuwa imeanza kushuka.