Ubuyu na chungwa: tupime kwa kijiko

Ndugu zangu, nimeshalisema hili mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu bado tunaambiwa ubuyu una vitamini C mara sita ya chungwa. Hesabu hiyo inatoka wapi? Gramu 100 za unga wa ubuyu huwa na miligramu 300 hivi. Nasema hivi, maana mbuyu na mbuyu hutofautiana, kuanzia 150 hadi 500. Gramu 100 za chungwa zina kama 50. Gawanya, unapata sita.

Lakini chungwa ni maji, asilimia 87. Ubuyu umekaukia mtini ndani ya kibuyu chake. Likaushe chungwa nalo, uone: zile miligramu 50 zimo katika gramu 13 tu za kitu kikavu, kwa hiyo gramu 100 zake zingekaribia 390. Mara sita imekwenda wapi?

Kuna atakayeniambia, "Hakuna anayekula chungwa kavu." Sawa kabisa, na hakuna anayekula gramu 100 za unga wa ubuyu. Kijiko kikubwa kilichojaa ni gramu 10 hivi, yaani miligramu 30. Chungwa moja la wastani, gramu 150 likishamenywa, linakupa 75. Mtu mzima anahitaji kama 45 kwa siku, hivyo chungwa moja linatosha, ila kijiko kimoja cha ubuyu hakifiki.

Na hizo 30 ni za unga mzuri, mweupe wa maziwa. Ukiona umegeuka kahawia na kushikana mabonge, umeingia unyevu na vitamini imepungua. Ule ubuyu mwekundu wa Zanzibar, unaopikwa kwa shira ya sukari na iliki, nautaka kwa utamu wake, lakini moto umeshakula sehemu ya vitamini. Hata uji: epua kwanza, uache upoe kidogo, ndipo ukoroge unga.

Ubuyu unapolishinda chungwa kweli ni kwenye nyuzinyuzi, na hapo hatusemi chochote! Karibu nusu ya unga ni nyuzinyuzi. Kijiko kile kile kina gramu 4 au 5, wakati chungwa zima lina 3 na kitu. Sehemu kubwa ni pektini, inayoyeyuka. Ndiyo inayoifanya juisi ya ubuyu iwe nzito hata baada ya kuchujwa. Juisi ya chungwa ikichujwa, karibu hakuna kinachobaki.

Muda unaniishia, niguse uchachu. Ubuyu uliokorogwa majini una pH ya 3.3 hivi, mkali kidogo kuliko chungwa, ila haufikii ndimu, yenye kama 2.3. Hatari kwa meno ni kumung'unya mbegu saa nzima. Ukimaliza, sukutua kwa maji, na mswaki usubiri nusu saa.