Ukitagiwa, Jibu, Ila Usijaze Fomu

Habari za mchana, vijana. Nimepewa muda mfupi, kwa hiyo nitazungumzia chalenji moja tu, ile ya maswali nane inayozunguka kwenye stetasi. Mnaijua. Rafiki anaweka picha yenye maswali, anajibu ya kwake, halafu anatagi watu watano. Jina la utani ulipokuwa mdogo. Shule ya msingi. Mwaka uliomaliza. Ulikozaliwa. Jina la kwanza la mama, "tuwape maua yao". Kisha chakula usichokula hata kwa bakora, wimbo uliowahi kukuliza, na mtu wa kwanza kumpenda.

Sikuja kuwakataza kucheza. Mtu akikutagi amekukumbuka, na ukikaa kimya utaambiwa unaringa. Ninachotaka tuone ni kwamba maswali hayo nane hayafanani.

Chukua matano ya kwanza. Karibu yote hayo umewahi kuyajibu kwa kalamu, siku uliyojaza fomu ya kitambulisho cha taifa. Na majibu yale hayakulala kabatini. Leo ukijisajili kwenye baadhi ya mifumo ya mtandaoni, kama ule wa BRELA wa kusajili biashara, unaingiza namba yako ya NIDA, halafu mfumo unakuuliza maswali kutoka kwenye taarifa zako ili uone kama kweli ni wewe: jina la mama, shule ya msingi, na mengine ya namna hiyo. Yaani swali la chalenji na swali la mfumo ni lile lile, tofauti ni kwamba kwenye chalenji kuna vikatuni vya kucheka pembeni.

Namba yenyewe ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Kwa hiyo anayejua siku yako ya kuzaliwa, na wengi tunaitangaza wenyewe ili tupongezwe, ameshapata mwanzo wa namba. Na mtu aliyeisahau namba yake akitaka kuitafuta kwa simu, anaulizwa majina yake, tarehe ya kuzaliwa na majina ya mama. Hapo unaona kwa nini "tuwape maua yao" inanitia wasiwasi kuliko swali la nani ulimpenda.

Tusitishane, lakini. Namba ya NIDA peke yake haitoshi kusajili laini kwa jina lako, kwa sababu usajili unataka alama ya kidole. Hasara kubwa huja kwa njia nyingine, nayo ni simu. Unapigiwa, sauti ina adabu, inasema inatoka huduma kwa wateja. Inakutaja majina yote, inataja jina la mama, inataja shule ya msingi na mwaka uliomaliza. Wewe unajiambia: huyu hawezi kuyajua haya kama si wa ofisini. Kisha anakuomba umsomee namba zilizoingia kwenye meseji sasa hivi. Hizo namba ndizo alizokuwa anazitaka tangu mwanzo. Jina la mama lilikuwa la kukulegeza tu.

Jina la utani nalo lina kazi yake. Novemba 2021, nchini Indonesia, watu walikuwa wanacheza chalenji ya majina yao ya utani kwa kutumia stika ya Instagram inayoitwa Add Yours. Dada mmoja akaandika lake, lile linalojulikana na watu wa karibu tu. Baadaye akapigiwa na mtu aliyemwita kwa jina hilo na kumwomba pesa. Akaamini ni rafiki, akatuma. Sasa ilete hiyo huku kwetu. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeizoea hadi tunaicheka, kwa sababu haina jina. Siku itakapoanza na "Kadogoo, simu yangu imezima", na Kadogoo ndivyo bibi yako anavyokuita, utacheka?

Jambo lingine linalosahaulika ni nani hasa anayeuliza. Rafiki yako, tuseme Neema, ndiye aliyekutagi, lakini maswali hakuyatunga yeye. Naye alitagiwa, na aliyemtagi alitagiwa. Mwanzo wa mnyororo huenda ni mtu ambaye hakuna kati yenu anayemfahamu. Kwenye stika kama ile ya Add Yours, ukiwa na akaunti iliyo wazi, anayebonyeza stika anaweza kuona majibu ya watu wengi kwa mkupuo. Unadhani unamjibu Neema, kumbe umejibu uwanja mzima.

Sasa tucheze. Kipimo changu ni kimoja: je, jibu hili nimewahi kuliandika kwenye fomu, au kuna siku nitaandika? Kama ndiyo, nalijibu kwa utani. Kama sivyo, najibu kwa ukweli, tena kwa mbwembwe. Jina la utani: "linatajwa na bibi pekee, mwenye haraka akamuulize". Shule ya msingi: "ile yenye mwembe mmoja na fimbo nyingi". Mwaka: "daftari likiwa bado linafunikwa kwa gazeti". Ulikozaliwa: "karibu na mama". Jina la mama: "Mama". Hapo umemheshimu bila kumtangaza, na kumbuka jina hilo ni siri ya kaka na dada zako pia, wao hawakutagiwa. Ukifika kwenye chakula, mwaga ukweli wote. Mimi bamia hapana. Wimbo, andika hata aya nzima. Hapo ndipo marafiki watakapocheka na kubishana, na chalenji itakuwa imenoga kuliko kama ungetaja shule.

La mtu wa kwanza kumpenda, hakuna fomu itakayokuuliza, lakini yeye yupo na ana mtu wake. Taja darasa mlilokuwa mnakaa, usitaje jina.

Nimeona wengine wanaandika jibu la uongo linalofanana na la kweli, shule ya jirani badala ya yao. Sipendi sana njia hiyo. Rafiki wa utotoni anakuja kwenye maoni, "We acha uongo, tulisoma wote pale", na anaitaja. Utani ulio wazi haumpi mtu hamu ya kukusahihisha.

Kuna swali kule nyuma. Ndiyo, dada... Anauliza, kama nilishajibu yote mwezi uliopita nifanye nini?

Futa, ingawa yupo anayeweza kuwa amepiga skrinishoti. Stetasi inaondoka yenyewe baada ya saa 24, ila ukiwa umeiweka kama posti inabaki, kwa hiyo irudie uitafute. Ondoa mwaka kwenye siku yako ya kuzaliwa kwenye wasifu. Pongezi zitakuja vilevile. Kama namba ya siri ya pesa au nywila yoyote inatokana na mojawapo ya majibu hayo, mathalani mwaka uliomaliza shule au jina la utani, ibadilishe leo kabla hujalala. Jina la mama huwezi kulibadilisha, kwa hiyo kuanzia sasa anayekupigia akilitaja usilichukulie kuwa ni kitambulisho chake. Kata simu, upige wewe mwenyewe namba ya huduma kwa wateja unayoijua. Na ukutane na Neema umwambie naye aondoe ya kwake, maana kwenye posti yake bado jina lako lipo kati ya wale watano.